Mawe ya Mikindani au ploti za miombo Liwale: wapi pa kuipima nadharia ya msukosuko wa kadiri

Anayetaka kuipima nadharia tete ya msukosuko wa kadiri huku kusini mwa Tanzania ana njia mbili zinazofikika. Ya kwanza ni ya pwani: mawe ya matumbawe yaliyotawanyika mahali maji yanapokupwa, kama kwenye Ghuba ya Mikindani, yanageuzwa kwa ratiba na mwani unaoota juu yake unahesabiwa. Ya pili ni ya bara: ploti za miombo Liwale, Nachingwea au Kilwa, zinazopangwa kwa idadi ya mara zilizoungua na kuhesabiwa miti. Kuna pia njia ya tatu inayopendwa, ya mashamba yaliyoachwa yakawa vichaka. Hiyo tunaiweka kando mapema, kwa sababu shamba linaachwa palipochoka na linafunguliwa penye rutuba. Umri wa kichaka na ubora wa udongo vinakuja vimefungwa pamoja, na huwezi kuvifungua.

Nadharia yenyewe inasemeka kwa sentensi chache. Mahali pasiposumbuliwa kabisa, spishi chache zenye nguvu huzisonga nyingine mpaka zitoweke. Mahali panaposumbuliwa kila mara, hubaki zile tu zinazowahi kurudi na kuzaa upesi. Kati ya hapo kuna nafasi ya makundi yote mawili, kwa hiyo idadi ya spishi hupanda kisha hushuka, na mchoro wake una nundu. Joseph Connell aliiandika hivyo mwaka 1978 kwenye jarida la Science, akitumia matumbawe ya kisiwa cha Heron huko Australia na misitu ya tropiki, ukiwemo msitu wa Budongo wa Uganda ulioelezwa na Eggeling mwaka 1947. Mwaka uliofuata Wayne Sousa aliipima kwenye mawe ya pwani ya California, na kipimo chake ndicho mzazi wa njia yetu ya kwanza.

Alichofanya Sousa, na kwa nini mawe yanafaa

Sousa aliyagawa mawe kwa nguvu inayohitajika kuyasogeza: chini ya nyutoni 49, kati ya 50 na 294, na zaidi ya 294. Kwa mizani ya ndoano hizo ni kama kilo 5 na kilo 30. Mawe madogo yalibingirishwa na mawimbi mara kwa mara, nayo yalibeba mwani wa kijani na wanyama wadogo wa gamba wanaowahi kujibandika. Makubwa yalitulia, yakafunikwa karibu yote na aina moja ya mwani mwekundu. Ya kati yalikuwa na spishi nyingi kuliko yote mengine.

Angeishia hapo, mtu angemwambia kwamba jiwe dogo lina spishi chache kwa sababu tu ni dogo, kwani eneo likipungua spishi hupungua hata pasipo msukosuko wowote. Kwa hiyo alichukua mawe madogo akayafunga chini yasisogee. Jamii ya mwani ikaendelea hatua kwa hatua kama kwenye mawe makubwa. Jaribio hilo dogo lina uzito kuliko mchoro wa nundu, maana ndilo lililotenganisha ukubwa na kusogea. Miombo hairuhusu kitu kama hicho kwa urahisi. Huwezi kuchukua ploti iliyoungua mara 15 ukasema sasa isiungue, halafu ukasubiri jibu kabla muda wa masomo haujaisha.

Kwetu hatuna haja ya kungoja mawimbi. Chukua mawe ya ukubwa mmoja, kilo 6 hadi 10, ambayo mtu huyainua kwa mikono miwili na mawimbi ya ndani ya ghuba hayayabingirishi kwa urahisi. Kipimo cha msukosuko kinakuwa ratiba ya mkono wako, na bahari imetupa kalenda tayari: bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi, na pwani yetu maji ya bamvua hukupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi, mwanga ukiwa wa kutosha.

Mpangilio wa mawe 48

Weka vituo 8 kando ya ufukwe, vyote kwenye kina kimoja. Usawa huo upime kwa mpira mwembamba wa kuona ndani uliojazwa maji, kama mafundi wanavyopima msingi, usiukadirie kwa macho. Sentimita 30 za tofauti ya kimo zinaweza kumaanisha saa nzima zaidi ya jua kila siku, na mwani unalisikia jua kuliko unavyosikia mkono wako. Kila kituo kina mawe 6, na kura ndiyo inayoamua lipi linapata lipi.

Jiwe la kwanza haligeuzwi kabisa. La pili linageuzwa mara moja kila bamvua 8, la tatu kila bamvua 4, la nne kila bamvua 2, la tano kila bamvua. La sita linainuliwa kila bamvua na kurudishwa uso uleule juu. Hili la mwisho watu huliacha wakiona ni kupoteza nguvu, lakini bila hilo hujui kama mwani umekufa kwa kugeuzwa au kwa kushikwashikwa na kukwaruzwa. Baada ya bamvua 16, yaani miezi saba na nusu hivi, makundi yatakuwa yamegeuzwa mara 0, 2, 4, 8 na 16.

Chagua mawe ambayo tayari uso wake wa juu umefunikwa zaidi ya nusu. Ukianza na mawe yaliyosuguliwa yakabaki matupu, yale yasiyogeuzwa hayatapata muda wa kukomaa, na utakuwa umefananisha ujana na ujana.

Sasa ipo hoja moja inayoharibu majaribio mengi ya aina hii. Ukiyageuza mawe yote ya kundi la "kila bamvua 8" siku moja, siku ya kuhesabu yote yatakuwa na umri mmoja tangu yasumbuliwe. Hapo hujui unapima nini: mara ngapi, au muda uliopita tangu mara ya mwisho? Dawa yake ni kupishanisha zamu. Katika kundi hilo, jiwe la kituo cha 1 linageuzwa bamvua ya kwanza, la kituo cha 2 bamvua ya pili, hivyo hivyo mpaka la 8. Katika kundi la kila bamvua 4, vituo viwili viwili vinagawana zamu nne. Katika kundi la kila bamvua 2, vituo vinne vinne vinagawana zamu mbili. Namba 8 ilichaguliwa kwa sababu inagawanyika hivyo bila kubaki. Hesabu inafanyika bamvua ya 17, kabla ya kugeuza tena, na mawe ya kundi moja yatakuwa kwenye hatua tofauti za kuota.

Faida ya pili ya kupishanisha inahusu maneno ya Connell yenyewe. Alikuwa anawaza eneo lenye viraka vya umri mbalimbali, kimoja kichanga, kingine kimekomaa. Ukipishanisha unaweza kuuliza maswali mawili: spishi ngapi ziko kwenye jiwe moja, na ngapi ziko kwenye mawe 8 ya kundi zikijumlishwa. Majibu hayo mawili yanaweza kutofautiana, na la pili ndilo lililo karibu na alichokisema.

Kuhesabu si kugumu. Fremu ya sentimita 10 kwa 10 iliyofumwa mshipi kila sentimita moja ina makutano 81. Iweke katikati ya uso wa juu, mbali na kingo, andika kilicho chini ya kila makutano, kisha ongeza spishi yoyote iliyo ndani ya fremu ambayo makutano hayakuigusa. Fremu ikiwa ileile kwa kila jiwe, lile suala la eneo linakuwa limekwisha.

Yanayoharibika pwani

Vibao vya namba vifungwe kwa mshipi au vifungio vya plastiki. Kipande cha dumu kilichochongwa namba kinatosha. Waya wa shaba usitumike hata kidogo. Shaba ni sumu kwa mwani, ndiyo maana imo kwenye rangi za chini ya mashua, nayo itakuchorea duara tupu juu ya jiwe ambalo utalihesabu kama msukosuko.

Kina mama wanaochokoa pweza hugeuza mawe kila bamvua, saa ileile unayofika wewe. Hiyo ni kazi yao na ufukwe ni wao. Zungumza na BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa alama, onyesha vituo, na uchonge mfuo mdogo upande wa juu wa kila jiwe ili ukifika uone kama limegeuka bila wewe. Jiwe lililogeuzwa na mtu mwingine liandike, usilirudishe kimyakimya. Kwa upande wa Msimbati na maeneo mengine ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kibali cha hifadhi kinatangulia kila kitu. Na mawe 48 yawe kikomo, maana chini ya jiwe kuna wanyama laini wasiovumilia jua. Kila unapoligeuza unaua upande mmoja ili uutazame mwingine.

Kosa linalodanganya kuliko yote ni la utambuzi. Mwani mchanga wa aina tano tofauti unaonekana kama manyoya ya kijani ya aina moja. Ukiuandika "manyoya ya kijani" na kupita, umepunguza spishi, lakini umezipunguza zaidi kwenye mawe yanayogeuzwa mara nyingi, kwa kuwa ndiko michanga ilikojaa. Yaani umeushusha upande mmoja wa nundu kwa kalamu. Kwangua kipande kidogo nje ya fremu, kiweke kwenye chupa ya maji ya bahari, ukitazame jioni kwa hadubini au walau lenzi ya mara 10.

Miombo: mchoro bila chanzo

Njia ya bara inavutia kwa sababu data nusu iko tayari. Picha za setilaiti za MODIS, bidhaa ya MCD64A1, zinaonyesha maeneo yaliyoungua mwezi kwa mwezi tangu mwishoni mwa 2000, bila malipo. Unahesabu miaka iliyoungua, unachagua maeneo yenye idadi tofauti, unakwenda kupima miti.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa picha. Pikseli moja ina upande wa mita 500 hivi, zaidi ya hekta 20, na ploti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15 ni mita za mraba 707. Moto mdogo wa mapema, ule wa Juni wakati nyasi bado zina unyevu, mara nyingi hauonekani kabisa kwenye picha hizo. Moto mkali wa Septemba na Oktoba unaonekana. Kwa hiyo eneo linalosimamiwa vizuri kwa moto wa mapema linaweza kuingia kwenye daftari lako kama eneo lisiloungua, na hapo kundi lako la sifuri limeharibika.

La pili ni kwamba moto si kitu kimoja. Huko Ndola, Zambia, ploti za miombo ziliwekwa mwaka 1933 kwa mafungu matatu: zilizolindwa na moto, zilizochomwa mapema na zilizochomwa kwa kuchelewa. Zilizochomwa kwa kuchelewa zilipoteza miti yake mikubwa zikaelekea kuwa nyasi, huku zilizolindwa zikianza kuingiwa na miti ya kijani daima. Mafungu mawili yaliyochomwa yalitofautiana sana kwa msimu na ukali wa moto. Anayechora mhimili mmoja ulioandikwa "idadi ya mioto" amechanganya vitu viwili kwenye sufuria moja.

La tatu lina uzito zaidi. Miti ya miombo haifi kirahisi kwa moto. Shina linaungua, mzizi unachipua, na mvua za Desemba zinakuta mti uleule pale pale. Nadharia inadai kwamba msukosuko unafungua nafasi, kisha spishi inayosafiri upesi inaichukua kabla ya ile yenye nguvu. Penye kuchipua hakuna nafasi iliyofunguka, wala hakuna anayehamia. Ukipata nundu kwenye miombo, haitakuwa na chanzo kinachosemwa, na ukikosa nundu, nadharia haijaguswa.

Halafu kuna suala la idadi ya vichwa, ambalo angalau lina dawa. Ploti iliyoungua sana ina miti michache, na miti michache ina spishi chache hata kama hakuna aliyesongwa. Tuseme ploti A ina miti 10 ya spishi nne: 5, 3, 1 na 1. Ploti B ina miti 5 ya spishi tatu. Nne kwa tatu, A inaonekana tajiri. Sasa jiulize: ningechota miti 5 tu kutoka A bila kuchagua, ningetarajia spishi ngapi? Njia za kuchota miti 5 kati ya 10 ni 252. Spishi yenye miti 5 inakosekana kwa njia 1 tu, yenye miti 3 kwa njia 21, na kila yenye mti mmoja kwa njia 126. Nafasi ya kila moja kuonekana ni 0.996, 0.917, 0.5 na 0.5. Jumla yake ni 2.9. Kwa hiyo A ina 2.9 na B ina 3, na ule utajiri umeyeyuka. Kwenye programu ya takwimu ya R kazi hiyo ni mstari mmoja, jedwali la miti likiwa na ploti kwenye mistari na spishi kwenye safu:

```r
library(vegan)
S <- rarefy(miti, sample = min(rowSums(miti)))
```

Hoja hii iliwahi kubadili mjadala. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, Hubbell na wenzake walitoa mwaka 1999 data za mapengo zaidi ya 1,200 ya msitu. Mapengo yalikuwa na spishi nyingi zaidi kwa eneo, lakini kwa idadi ileile ya miche hayakuzidi msitu uliofungana. Angalizo kwa wanaotumia vipimo vya misitu vya kitaifa, ambavyo ploti yake ina duara ndani ya duara na miti midogo hupimwa kwenye duara dogo tu: usiitumie orodha hiyo ya pamoja kuhesabu spishi. Kila unene una eneo lake, na hakuna hesabu ya kuchota itakayonyoosha hilo baadaye. Pima duara zima kwa kikomo kimoja cha unene.

Nundu isiyo nundu

Turudi kwenye mawe, kwa mfano wa tarakimu tulizozitunga ili kuonyesha hesabu. Kila kundi lina mawe 8, na mchepuko sanifu ndani ya kila kundi ni 1.4.

| Mara lilizogeuzwa | Wastani wa spishi kwa jiwe |
|---|---|
| 0 | 4.9 |
| 2 | 5.4 |
| 4 | 5.6 |
| 8 | 4.0 |
| 16 | 2.1 |

Ukiyapa makundi namba 0 hadi 4 na kupitisha mkunjo wa kipeo cha pili, mkunjo unakubalika bila shida: t yake ni karibu −3.6, na kilele kinaangukia ndani ya vipimo. Wengi wangeandika hapo kwamba nadharia imethibitishwa, wakafunga daftari.

Lakini mkunjo unakubalika hata kwa mstari unaokwenda sawa kisha unashuka ghafla, na jedwali hili linafanana na hilo. Nundu ina miteremko miwili, na kila mmoja unadai ushahidi wake. Kati ya mara 4 na mara 16 tofauti ni spishi 3.5. Kosa sanifu la tofauti ni 1.4 mara kipeuo cha pili cha 2/8, yaani 0.7, hivyo t ni 5. Mteremko huo upo. Kati ya mara 4 na mara 0 tofauti ni 0.7 tu, t ni 1, na mteremko wa pili haujaonekana. Ulichopata ni kwamba kugeuza sana kunaua, jambo ambalo halikuhitaji nadharia. Mwenye vituo kwenye data aweke kando kwanza yale mawe ya sita yaliyoinuliwa tu, kisha afanye hivi:

```r
library(emmeans)
mawe$kiwango <- factor(mawe$kiwango)
mawe$kituo <- factor(mawe$kituo)
m <- lm(spishi ~ kiwango + kituo, data = mawe)
contrast(emmeans(m, "kiwango"),
  list(kati_0 = c(-1,0,1,0,0), kati_16 = c(0,0,1,0,-1)))
```

Tofauti zote mbili ziwe chanya, kila moja kwa nguvu yake. Na kundi la "kati" litajwe kwenye pendekezo la utafiti kabla ya kwenda pwani. Ukisubiri uone kilele kilipo ndipo ukiite cha kati, nadharia haitashindwa milele, kwani popote kilele kinapoangukia patakuwa kati. Lawama hiyo ni ya zamani na ni ya haki.

Je, mawe 8 yanatosha? Kanuni ya mkono ni 16 mara mraba wa mchepuko uliogawanywa kwa tofauti unayoitafuta. Kwa tofauti ya spishi 2, ni 16 × (1.4/2)², karibu 8. Kwa tofauti ya 0.7 ni 16 × 4, yaani mawe 64 kwa kila kundi. Mawe 8 yanaona mporomoko wa spishi mbili, si mdogo zaidi. Andika hivyo kwenye matokeo, usiandike kwamba hakuna tofauti.

Wapinzani wanasema nini, na lipi linakugusa

Lawama ya kwanza ni ya takwimu. Mwaka 2001 Mackey na Currie walikusanya tafiti zilizochapishwa wakakuta nundu kwenye chini ya asilimia 20 ya mahusiano ya spishi na msukosuko; lililojitokeza mara nyingi ni kutokuwepo uhusiano wowote ulio wazi. Inauma, lakini tafiti nyingi zilizohesabiwa humo hazikuwa na viwango vya kutosha kuiona nundu hata kama ingekuwepo. Viwango vitatu ni vichache mno, ndiyo maana tumeweka vitano.

Ya pili inagusa mantiki. Jeremy Fox aliandika mwaka 2013 kwamba nadharia hii iachwe kabisa. Hoja yake, iliyosimama juu ya kazi ya Chesson na Huntly ya 1997, ni hii: kusema msukosuko unapunguza idadi ya viumbe na kwa hiyo unapunguza ushindani hakutoshi. Msukosuko unaozifyeka spishi zote sawasawa unachelewesha tu mshindi kushinda, haumzuii. Ukimfyeka mwenye nguvu na mnyonge kwa kiasi kilekile, mnyonge bado anapungua, ila polepole. Ili spishi zikae pamoja kwa kudumu, lazima kila moja ipate nafuu inapokuwa adimu.

Sheil na Burslem walimjibu mwaka huohuo kwamba amepiga kitu ambacho Connell hakukitegemea. Connell alizungumzia mafungu mawili yenye vipaji vinavyopishana, anayewahi na anayeshinda, juu ya viraka vya umri tofauti, na katika hali hiyo nafuu ya aliye adimu ipo: kila kiraka kipya ni nafasi ya anayewahi. Kwa maoni yetu Fox yuko sahihi kuhusu nadharia inavyofundishwa madarasani, na Sheil na Burslem wako sahihi kuhusu ilivyoandikwa. Kwa mtu wa Mikindani maana yake ni moja: idadi ya spishi haitoshi, lazima utazame majina.

Panga spishi zako mapema katika wanaowahi na wanaochelewa, kwa kutumia mawe mengine machache yaliyoachwa yaote, si kwa data ileile ya jaribio. Kisha tazama. Mawe ya mara 0 yamepoteza wanaowahi? Mawe ya mara 16 hayana wanaochelewa? Ya kati yana wote? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, umegusa chanzo. Nundu ikitokea huku mawe ya mara 0 bado yana wanaowahi, kitu kingine kimeitengeneza.

Kwenye pwani ya tropiki kitu hicho mara nyingi ni walaji. Samaki wala mwani na konokono hukwangua mawe kila maji yanapojaa, na spishi ambayo ingeshinda haipati kukua. Kuitambua hali hii ni rahisi: angalia makutano 81 ya mawe yasiyogeuzwa. Kama hakuna spishi inayoshika hata nusu ya makutano, hakuna anayemsonga mwenzake hapo, na sharti la kwanza la nadharia halijatimia. Hapo matarajio yenyewe ni mteremko mmoja wa kushuka tangu mara 0, na kuuona hakuikanushi nadharia wala kuithibitisha.

Uchague lipi

Mwenye mwaka mmoja, fremu na mabuti, na swali kuhusu nadharia yenyewe, achukue mawe. Mwenye kazi ya kushauri kijiji lini wachome msitu wao aende Liwale, ila aandike kwamba anapima moto na idadi ya spishi za miti, atenganishe wa Juni na wa Oktoba kwa kuuliza kamati za maliasili za vijiji badala ya kutegemea picha tu, na asiweke jina la Connell kwenye kichwa cha ripoti. Tafiti kubwa za misitu zimekuwa na jibu la nusunusu: Bongers na wenzake mwaka 2009 walitumia ploti 2,504 za hekta moja moja huko Ghana, wakaona nadharia ikieleza jambo kwenye misitu mikavu na kidogo sana kwenye ile ya mvua nyingi. Ploti 30 za msimu mmoja hazitaona walichokiona wao.

Anayechagua mawe aanze na bamvua moja ya majaribio kabla ya kuweka hata kibao kimoja. Afike saa nne kasoro, ainue mawe 20 bila mpangilio, ahesabu makutano, na aangalie spishi inayoongoza imeshika mangapi kati ya 81. Ikiwa chini ya 40 karibu kila mahali, ahamie kipande kingine cha ufukwe.